Mirihi ya Burhani

Mimi si mganga, na anayeniita mganga simshonei tena. Ni fundi cherehani wa Bilele, mkoani Kagera, miaka ishirini na tisa sasa, na ndani ya droo ya cherehani, chini ya bobini na chaki, nina jedwali la sayari lililochapwa kwenye karatasi za kawaida. Kaka yangu Faruku hunikumbusha kila Ijumaa kwamba ya mbele anayajua Mungu peke yake. Namjibu kwamba ya mbele sijawahi kuyagusa. Mimi nasoma tabia za watu, na tabia ziko hapa hapa zinatutesa.

Watu wengi wanajua nyota moja tu, ile ya magazetini, ambayo ni ya jua. Hiyo ni mlango wa nyumba. Ukitaka kujua ndani kunapikwa nini, tafuta Zuhura, na ukitaka kujua mwenye nyumba akikitaka kitu anatokaje, tafuta Mirihi. Zuhura ni namna mtu anavyopenda na anavyotaka kupendwa. Mirihi ni namna anavyokiendea anachokipenda, na namna anavyogomba akikikosa. Zuhura haiendi mbali na jua, hupishana nalo nyumba mbili tu kwa wingi wake, na nyumba ni zile nyota kumi na mbili, Punda, Ng'ombe na wenzao, kwa hiyo hata ukikisia hupotei sana. Mirihi ina miguu yake yenyewe. Inazunguka nyumba zote kumi na mbili kwa karibu miaka miwili, kila nyumba wiki sita au saba, lakini ikianza kurudi nyuma inaweza kung'ang'ania sehemu moja zaidi ya nusu mwaka. Hiyo huwezi kuikisia. Lazima ufungue jedwali.

Shamsia, binti wa kaka yangu Faruku, ni mtaalamu wa maabara huko Rubya, wilaya ya Muleba. Msichana wa kupima damu za watu siku nzima, hababaishwi na kitu. Mwezi wa nane alikuja dukani kwangu na kipande cha karatasi chenye tarehe mbili.

"Shangazi, nisomee," alisema. "Wa kwanza nilimuuliza tarehe yake, akanipa pamoja na uzito aliozaliwa nao. Ya wa pili nimeisoma kwenye leseni yake ya udereva. Aliisahau juu ya friji la mama."

Wa kwanza alikuwa Awadhi, mwenye duka la vigae mjini. Wa pili, Burhani, fundi friji. Burhani nilimjua vizuri, maana tangu mwaka jana friji la Rahima, mama yake Shamsia, lilikuwa linaugua kila Jumamosi, yaani kila siku ambayo Shamsia huja nyumbani. Burhani anakuja, anafungua nyuma, anafuta vumbi, anafunga. Akimaliza anakaa kwenye kigoda jikoni anamenya ndizi na Rahima. Kila mara analeta kitu: sato wawili wamefungwa kwenye jani la mgomba, kahawa ya kutafuna kutoka kwao Kaagya, mara moja kitako kipya cha jiko la Rahima kilichokuwa kimetoboka. Na Shamsia akitokea jikoni, Burhani anasema, "Habari za kazi," kisha anakumbuka kwamba ana friji lingine la kutazama upande wa pili wa mji.

Nilifungua jedwali. Shamsia mwenyewe nilikuwa namjua tangu siku ya kuzaliwa, Ijumaa ya tarehe ishirini na tisa Machi, mwaka tisini na sita. Jua Punda, Mirihi nayo Punda, na Zuhura Ng'ombe. Ilibaki siku tano tu Zuhura ihamie Mapacha, lakini siku ile haikuwa inavuka, kwa hiyo saa ya kuzaliwa haikuhitajika. Zuhura ya Ng'ombe ni ya kupenda taratibu: chakula, kitambaa kizuri mkononi, mtu yule yule mlango ule ule. Mirihi ya Punda ni kichwa mbele. Ndivyo alivyo mtoto yule. Akipenda anataka apendwe pole pole, lakini akitaka kitu anakivamia.

Awadhi, tarehe ishirini Juni tisini na moja: Zuhura Simba, Mirihi Simba. Burhani, tarehe kumi na nne Machi tisini na tatu: Zuhura Punda, Mirihi Kaa. Yeye ni mmoja wa wale waliozaliwa wakati Mirihi imeng'ang'ania Kaa, tangu Septemba ya tisini na mbili mpaka mwishoni mwa Aprili iliyofuata. Nimewashonea wengi wa kundi hilo. Hawaendi moja kwa moja hata kwenye choo.

Nikaandika majina kama nilivyozoea, Zuhura chini ya Zuhura, Mirihi chini ya Mirihi, nikasoma.

"Awadhi," nilisema. "Mirihi yake Simba na yako Punda, zote za moto, zimepishana nyumba nne. Mtakimbia pamoja. Zuhura zenu zinabishana kidogo, lakini nani asiyebishana? Huyu Burhani, Mirihi yake Kaa na yako Punda zimepishana nyumba tatu. Hiyo ni mraba, mwanangu, ni ugomvi. Wewe unasukuma mlango, yeye anaingia chini ya kitanda. Na Zuhura zenu ni majirani wasiosalimiana."

Shamsia alikunja karatasi. "Sawa, Shangazi," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyepewa habari njema. Niliona. Lakini nilikuwa na gauni la harusi la watu, nikaendelea na kazi yangu, Mungu anisamehe.

Awadhi si mtu mbaya, niseme hilo. Ila alianza kumfuata Shamsia kwa namna ya Mirihi ya Simba, yaani kwa hadhara. Alifika Rubya na keki ya ghorofa tatu na mpiga picha, akamtoa mtoto wetu maabara akiwa bado na glavu mkononi, akawaomba wagonjwa waliopanga foleni wapige makofi. Wagonjwa walipiga, na mmoja aliomba kipande. Jumamosi ile Shamsia alikuja kwangu akajilaza kwenye benchi la wateja, kichwa juu ya marobota ya vitambaa.

"Nimechoka, Shangazi. Anapenda kweli, lakini ni kama kupendwa na spika ya muziki."

"Utazoea," nilimwambia. Nyota zangu zilikuwa zimeshasema.

Kumbe alikuwa bado hajamaliza na Burhani. Mwanzoni mwa Novemba, Burhani alipanda mpaka Rubya kutengeneza friji la duka moja la dawa. Kazi ya saa moja ilimchukua siku nzima, na jioni alipita nyumbani kwa Shamsia na ndizi zilizopikwa tayari na samaki, ndani ya hotipoti, akasema amezipika mama yake na zimebaki. Zimebaki! Kutoka Kaagya mpaka Muleba! Shamsia alimtazama, Mirihi ikampanda, akamuuliza pale pale mlangoni.

"Burhani, unanitaka au hunitaki?"

Burhani aliiva uso mzima. Akasema, "Hotipoti utairudisha siku yoyote." Akawasha pikipiki akaondoka. Wiki mbili hakuonekana, na friji la Rahima likapona kabisa.

Shamsia alilia, na yeye si mtu wa kulia. Aliniambia kwa simu, "Shangazi, ulisema kweli. Nimesukuma mlango, ameingia chini ya kitanda." Siku mbili baadaye mshenga wa Awadhi alifika kwa kaka yangu. Faruku alimpokea kwa heshima, akamwambia jibu la binti litapatikana Jumapili ijayo. Rahima alipika pilau, ila mwenyewe hakuila.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu.

Alhamisi ya wiki ile ile nilikuwa namalizia koti la mwalimu mmoja, lenye vifungo sita mbele. Akili yangu ilikuwa kwa Shamsia. Nilishona vifungo sita upande wa kulia, nikageuza koti, nikashona vifungo sita upande wa kushoto. Mwalimu alilivaa, akavuta kushoto, akavuta kulia, akaniangalia.

"Bi Maimuna, hivi nafungaje?"

Kifungo na kifungo. Vinafanana kabisa, rangi moja, ukubwa mmoja, na havina faida yoyote. Kifungo kinataka tundu. Nilisimama nimeshika kifua cha mwalimu wa watu, nikaona karatasi ya Shamsia mbele ya macho yangu, Mirihi chini ya Mirihi, Zuhura chini ya Zuhura, zimepangwa vizuri, na upumbavu mtupu.

Nilimwambia mwalimu arudi kesho. Nikafungua droo, nikaandika upya, safari hii kwa kuvuka. Mirihi ni namna mtu anavyokufuata. Je, inafika wapi? Haifiki kwenye Mirihi yako, inafika kwenye Zuhura yako, pale unapopenda kupendwa. Mirihi ya Awadhi, Simba, kwa Zuhura ya Shamsia, Ng'ombe: nyumba tatu, mraba. Kila anavyomfuata ndivyo anavyomchosha, na mtoto alikuwa ameshaniambia, nami nikamwambia atazoea. Mirihi ya Burhani, Kaa, kwa Zuhura ya Shamsia, Ng'ombe: nyumba mbili, maji na udongo, urafiki. Sato kwenye jani, ndizi za hotipoti, mtu yule yule kila Jumamosi: hivyo ndivyo hasa Shamsia anavyotaka kupendwa. Na Mirihi ya Shamsia, Punda, kwa Zuhura ya Burhani, ambayo nayo ni Punda: zimo nyumba ile ile. Kumbe yule mwanamume mpole wa mafriji anapenda kuvamiwa!

Mbona basi alikimbia? Hilo nililikalia mpaka chai ikapoa. Kisha nikaona. Swali la Shamsia lilimfurahisha kwenye Zuhura, lakini lilimtaka ajibu kwa Mirihi, pale pale, wima, mlangoni kwa watu. Hapo kuna mgongano wao wa kweli, na wala sikuukosea mwezi wa nane: Punda kwa Kaa, nyumba tatu. Ukimdai Kaa kitendo nje ya nyumba yake, anarudi nyuma. Mfuate ndani ya gamba lake, na umpe kitu cha kufanya kwa mikono ambacho hakihitaji hotuba.

Ijumaa jioni Shamsia alishuka kutoka Muleba, nikamwita kabla hajafika kwao.

"Nilikosea," nilisema. Neno hilo linanikwaruza koo hata leo. Nikamwonyesha karatasi mpya, mstari kwa mstari. Alisoma kama anavyosoma majibu ya maabara, midomo imebana.

"Kwa hiyo ananitaka?"

"Hilo jedwali halisemi. Jedwali linasema kama anakutaka, atakutaka kwa namna ipi. Na friji la mama yako limesema mengine."

"Shangazi, sirudi kumuuliza. Nimeshaaibika mara moja."

"Nani kasema uulize? Mwezi gani huu?"

Alinitazama. Nje, watoto wa jirani walikuwa wanapigana kwa ajili ya senene watatu waliodondoka chini ya taa ya baraza.

Kwa wasiojua, senene ni panzi wetu wa mvua za Novemba, na kwetu Kagera wana sheria yao. Zamani mwanamke aliyeolewa aliamka alfajiri akawakusanya majanini, akawanyonyoa mbawa na miguu mmoja mmoja, akampikia mumewe. Mume akishakula, alikuwa na wajibu wa kumnunulia mke wake nguo mpya. Hakuna majadiliano. Bibi yangu alipata nguo zake zote hivyo. Siku hizi watu wananunua senene sokoni kwa kopo, na wanaume wamejifanya wamesahau habari ya nguo.

"Lakini hiyo ni ya mke kwa mume," alisema Shamsia pole pole.

"Ndiyo."

"Mimi si mke wake."

"Ndiyo."

Alianza kucheka, akaziba mdomo, akacheka tena mpaka akakaa chini. Mirihi ya Punda ikipewa mlango wa kuvunja, uso wote unawaka.

Jumamosi alfajiri tulikuwa kwenye majani ya mlimani, Shamsia, Rahima na mimi, sketi zimelowa umande mpaka magotini. Faruku tulimwambia tunakwenda kutafuta senene, na hatukudanganya. Tulirudi tukanyonyoa, na Shamsia hakukubali tumsaidie hata mmoja. Akawakaanga kwa chumvi na kitunguu, akawatia ndani ya ile ile hotipoti ya mama yake Burhani. Saa nne asubuhi mimi na yeye tulikuwa Kaagya.

Nyumba yao iko ndani ya migomba, kahawa imeanikwa kwenye mkeka mbele. Mama yake Burhani alitutokea mikono ina unga.

"Nyegera waitu! Karibuni, karibuni. Mbona hamkusema?"

"Shikamoo, Mama," Shamsia alisema. "Nimerudisha hotipoti."

Burhani alikuwa barazani, mashine ya friji imefunguliwa mbele yake vipande vipande. Alipomwona, alisimama, akakaa, akasimama. Nikaona macho yake yanatafuta mlango wa nyuma. Lakini mlango wa nyuma wa nyumba yako mwenyewe unakupeleka wapi?

Shamsia hakumuuliza kitu. Alipiga magoti mbele yake kama walivyofanya wake wa zamani, akafunua hotipoti. Harufu ikatoka.

"Nimewaokota mwenyewe," alisema, "na nimewanyonyoa mwenyewe. Kula."

Mama yake Burhani alijishika mashavu kwa mikono ile ile yenye unga. Alielewa kabla ya mwanawe. Burhani alichukua senene mmoja, akamtia mdomoni, akatafuna. Akachukua wa pili. Na uso wake, wallahi, uso wa mtu yule ulikuwa umefunguka kama nilivyokuwa sijawahi kuuona. Ile ndiyo Zuhura ya Punda. Alikuwa amevamiwa na alikuwa anafurahi mpaka masikio.

"Umekula?" Shamsia aliuliza.

"Nimekula."

"Basi nguo yangu iko wapi?"

Hapa ndipo palipokuwa na hatari yote, maana kesho yake ilikuwa Jumapili, na mshenga wa Awadhi hangengojea tena. Burhani aligeuka akaingia ndani. Nikasikia kitu kinavutwa sakafuni. Shamsia alibaki amepiga magoti, macho kwenye mlango. Nilijua anachowaza, kwamba Burhani ameingia chini ya kitanda tena.

Na kweli alikuwa ameingia chini ya kitanda. Alikokota sanduku la bati, akalifungua, akatoka na kitu kimefungwa ndani ya shuka safi. Akalikunjua shuka mapajani mwa Shamsia.

Lilikuwa gauni la kitenge cha kijani na dhahabu, mikono mifupi, mshono mara mbili kiunoni. Mshono ule niliujua kabla sijavaa miwani. Niliushona mimi, mwezi wa tatu. Burhani alileta kitambaa na vipimo kwenye karatasi, akasema ni la dada yake. Bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Namba zile zile zilikuwa kwenye daftari langu kurasa mbili nyuma, chini ya jina la Shamsia, na mimi ninayesoma miguu ya Mirihi sikuzisoma.

"Vipimo nilipewa na mama yako," Burhani alimwambia, macho chini. "Lina miezi minane."

"Miezi minane!" Shamsia alipaza sauti. "Ulikuwa unangoja nini?"

"Siku."

"Siku gani?"

"Sijui," alisema. Kisha akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakukumbuka friji lolote. "Ile siku uliponiuliza mlangoni, nilifurahi mpaka nikaogopa. Nilifika Muleba mjini nikageuza pikipiki nirudi kukujibu. Nikageuza tena. Nimegeuza mara nne, mpaka mafuta yakaisha."

Shamsia alicheka huku analia, nikalia na mimi, na mama yake Burhani alikuwa ameshaanza vigelegele ambavyo viliwatoa majirani kwenye migomba.

Jumapili Faruku alimpa mshenga wa Awadhi jibu, kwa upole, na pilau. Awadhi alinuna wiki mbili. Kisha akaja kwangu na tarehe ya msichana mmoja wa Muleba mjini, nikaisoma kwa kuvuka: Zuhura Simba. Huyo atapigiwa spika mpaka achoke, na hatachoka.

Shamsia na Burhani wameoana mwezi wa pili. Wanagombana, sitawaficha. Mke anataka jambo liishe sasa hivi, mume anaingia nyuma ya friji la mtu anakaa humo saa tatu, na hakuna jedwali litakalowaondolea ule mraba. Lakini Shamsia ameshajua. Anamwachia saa zake tatu, kisha anamfuata huko huko aliko, na chakula mkononi.

Mwalimu alipata koti lake. Vifungo vya kushoto nilivitoa vyote sita, nikatoboa matundu.